Mazungumzo ya Biashara: Ukurasa wa Ushuru Katika Mpango wa Duka

Popote ulipo, dukani, kwenye matatu au nyumbani ukipika, nakuomba jambo moja tu: kama kuna kalamu na karatasi karibu, viweke karibu zaidi, maana leo tutapiga hesabu kidogo. Si hesabu ngumu. Ni kujumlisha, kutoa na kuzidisha.

Leo nataka tuzungumze juu ya ukurasa mmoja katika mpango wa biashara. Mtu akitaka mkopo kwa chama cha akiba na mikopo au benki, huandika mpango: atauza nini, atanunua wapi, atamwajiri nani. Na karibu na mwisho huwa kuna sehemu ndogo ya ushuru. Nimeisoma mipango mingi ya wafanyabiashara wadogo wa hapa Kenya, na ukurasa huo mara nyingi una mstari mmoja: ushuru, asilimia 30 ya faida. Umenakiliwa kutoka mpango wa mtu mwingine, na mara nyingi huyo mwingine alikuwa na kampuni kubwa. Je, asilimia 30 ya faida ndiyo inayomhusu mwenye duka dogo? Kwa wengi, hapana. Na kosa hilo si la karatasini tu. Linaweza kumfanya mtu aone biashara ina pesa kumbe haina, au aikimbie biashara ambayo ingemlisha.

Basi tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Ni mfano wa kubuni, lakini hesabu zake ni za kawaida. Kuna mama anataka kufungua duka la vyombo vya nyumbani karibu na soko la Kongowea, Mombasa. Masufuria, mabeseni, ndoo, sahani, chupa za chai. Biashara ni yake mwenyewe, si kampuni, na hana mapato mengine. Anaandika mpango wake, na amefika kwenye ukurasa wa ushuru. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye mauzo. Narudia: aanzie kwenye mauzo, si kwenye faida. Sababu ni kwamba sheria yetu huangalia kwanza mauzo ya mwaka mzima ndipo iseme wewe ni wa ushuru gani. Kuna mipaka ya kukumbuka. Ukiuza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka lakini usizidi milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo ghafi, ule ambao wafanyabiashara wengi wanauita TOT. Na ukiuza bidhaa zinazotozwa VAT zikafika milioni 5 ndani ya miezi 12, unatakiwa ujisajili kwa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani. Milioni 1, milioni 5, milioni 25. Mama wetu yuko wapi hapo? Hawezi kujua mpaka akadirie mauzo.

Anakadiriaje mauzo ya duka ambalo bado halijafunguliwa? Asichukue tarakimu hewani. Aende akakae karibu na duka linalofanana na lake, siku ya kawaida na siku ya Jumamosi, ahesabu wanaonunua, aangalie wanaondoka na nini. Tuseme ameona kwamba mwezi wa kawaida anaweza kuuza shilingi 300,000. Lakini vyombo vina misimu. Mwezi Januari wanafunzi wa bweni wanatafuta ndoo na mabeseni. Mwezi wa Ramadhani kuelekea Idd watu wanabadilisha masufuria na sinia. Desemba kuna harusi na wageni. Miezi hiyo mitatu anaikadiria kwa 450,000 kila mmoja. Miezi 9 ya 300,000 ni milioni 2.7. Miezi 3 ya 450,000 ni milioni 1.35. Jumla shilingi 4,050,000. Andika hapo: milioni 4 na elfu 50.

Sasa tunajua alipo. Amevuka milioni 1, hajafika milioni 5. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni ushuru wa mauzo ghafi, na VAT bado.

Kiwango cha ushuru huo ni asilimia 3 ya mauzo, tangu tarehe 1 Julai 2023. Nasisitiza tarehe hiyo kwa sababu kuanzia mwaka 2020, wakati wa janga la korona, kiwango kilishushwa kikawa asilimia 1, na kuna mipango inayozunguka mitaani mpaka leo yenye asilimia 1 ndani yake. Ukiona asilimia 1, jua hiyo karatasi ni ya zamani. Asilimia 3 ya 4,050,000 ni shilingi 121,500 kwa mwaka. Mwezi wa kawaida ni 9,000, mwezi wa msimu ni 13,500. Ripoti yake inapelekwa na ushuru unalipwa kupitia iTax kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mpaka hapo ni rahisi. Na urahisi huo ndio sababu ushuru huu uliwekwa: huhitaji kujua faida yako, huhitaji kueleza gharama, unazidisha mauzo kwa 3, unagawanya kwa 100, umemaliza. Lakini ngoja kwanza. Je, hizo 121,500 zinatoka kwenye nini? Zinatoka kwenye mauzo kwa hesabu, lakini mfukoni zinatoka kwenye faida, kwa kuwa mauzo mengi yameshaenda kwa muuzaji wa jumla.

Tuangalie faida ya mama. Katika kila shilingi 100 anayouza, 78 zinarudi kununua bidhaa, anabaki na 22. Kwa mwaka mzima, hizo 22 kwa kila 100 zinampa shilingi 891,000. Hapo hajalipa kodi ya duka, 15,000 kwa mwezi. Hajamlipa kijana wa dukani pamoja na michango yake ya lazima, 18,500 kwa mwezi. Hajalipa mkokoteni na pikapu ya kuleta mzigo, 8,000. Hajalipa stima, leseni ya kaunti, ada za malipo ya simu na vidogovidogo vingine, tuviweke 9,500. Ukijumlisha yote kwa miezi 12 unapata 612,000. Toa hizo kwenye 891,000. Faida inayobaki ni shilingi 279,000.

Sasa weka ushuru juu yake. 121,500 kutoka 279,000. Anabaki na 157,500. Umeona? Asilimia 3 inasikika ndogo, lakini kwa mama huyu imechukua zaidi ya shilingi 43 katika kila 100 ya faida yake. Na mwenye duka linalobakiza kidogo zaidi kwa kila mauzo, anayeuza kwa wingi kwa bei ya chini, anaumia zaidi. Tena mwezi ambao hakupata faida yoyote, akauza lakini kodi na mshahara vikameza yote, ushuru uko palepale, kwa sababu haujali faida. Unajali mauzo.

Kwa hiyo ukurasa wa ushuru katika mpango wake usiishie kwenye 121,500. Unatakiwa uulize swali la pili, ambalo katika mipango mingi silioni kabisa: je, kuna njia nyingine halali?

Ipo. Sheria inamruhusu mwenye biashara kumwandikia Kamishna kwamba hataki kuwa chini ya ushuru wa mauzo ghafi, akatozwa ushuru wa mapato wa kawaida kwa faida yake. Ni ruhusa iliyo ndani ya sheria yenyewe, si ujanja wa mlango wa nyuma. Akiichukua, sasa faida ndiyo inayohesabiwa. Na kwa kuwa biashara ni yake binafsi, si kampuni, hatozwi asilimia 30 moja kwa moja. Anapanda ngazi kama mwajiriwa: shilingi 288,000 za kwanza za mwaka ni asilimia 10, laki 1 inayofuata ni asilimia 25, halafu ndiyo asilimia 30 inaanza. Baadaye anapunguziwa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka.

Piga hesabu pamoja nami. Faida yake ni 279,000. Haijafika hata 288,000, kwa hiyo yote ni asilimia 10: shilingi 27,900. Toa nafuu ya 28,800. Inabaki nini? Haibaki kitu. Mama huyuhuyu, duka lilelile, bidhaa zilezile: njia moja anadaiwa 121,500, njia nyingine hadaiwi ushuru wa mapato hata shilingi. Anatakiwa tu apeleke ripoti yake ya mwaka kufikia tarehe 30 Juni.

Najua sasa hivi kuna msikilizaji anasema, basi kesho naandika barua! Tulia kidogo. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo, na nakuomba uongeze sauti ya redio.

Njia ya pili inasimama juu ya risiti. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS haikubaliwi kupunguza faida yako mbele ya KRA. Kuna gharama chache zilizoachwa nje ya sharti hilo, kama vile mishahara, lakini bidhaa unazonunua kwa wenzako hapa nchini ziko ndani. Maana yake ni kwamba masufuria uliyonunua kwa pesa taslimu, ukapewa karatasi ya mkono yenye muhuri, kwa hesabu ya ushuru ni kama hukuyanunua. Mauzo yake yanahesabiwa, gharama yake haihesabiwi.

Tuone uzito wake. Mama ananunua bidhaa za shilingi milioni 3 na 159 elfu kwa mwaka. Tuseme robo tatu na zaidi kidogo ananunua kwa wauzaji wa jumla wanaotoa risiti za eTIMS, lakini moja ya tano ananunua pembeni, kwa watu wanaoleta mzigo kwenye pikapu, bei nafuu, bila risiti. Hiyo moja ya tano ni shilingi 631,800. Faida yake halisi bado ni 279,000. Lakini faida atakayotozwa ni 279,000 pamoja na hizo 631,800, yaani 910,800. Sasa anapanda mpaka ngazi ya asilimia 30. Ushuru wake, baada ya kutoa nafuu, unafika kama shilingi 181,800. Umepita ule wa mauzo ghafi kwa shilingi elfu 60!

Kwa hiyo njia ipi ni nafuu kwake? Jibu haliko kwenye mauzo wala kwenye faida. Liko kwenye faili la risiti. Nimepiga hesabu ya mpaka: kwa duka hili, kama manunuzi yasiyo na risiti hayazidi shilingi 430,000 kwa mwaka, karibu shilingi 1 katika kila 7 anazonunulia bidhaa, njia ya faida ni nafuu. Yakizidi hapo, abaki kwenye asilimia 3 na asisumbuke. Duka lako litakuwa na mpaka wake mwingine, lakini litakuwa nao, na kuutafuta ndiyo kazi ya ukurasa wa ushuru.

Basi kabla mama hajaandika ukurasa huo, afanye kitu kimoja cha miguu. Awatembelee wauzaji wa jumla anaopanga kununua kwao, mmoja baada ya mwingine, awaulize maswali mawili. La kwanza: mnatoa risiti ya eTIMS yenye PIN yangu mimi mnunuzi? La pili: mmesajiliwa kwa VAT? Aandike majibu kwenye jedwali la wauzaji ndani ya mpango. Risiti isiyo na PIN ya mnunuzi itamletea taabu, kwa kuwa mfumo hauwezi kuiunganisha na biashara yake.

Hilo swali la pili, la VAT, linatupeleka kwenye mwaka wa pili wa mpango. Karibu kila mpango huonyesha biashara ikikua, na hapo ndipo watu hujikwaa bila kujua.

Mama ameandika kwamba mwaka wa pili mauzo yatapanda kwa robo. Robo ya 4,050,000 ukiiongeza unapata 5,062,500. Unaona kilichotokea? Amevuka milioni 5. Sheria ya VAT inasema hivi: aliyeuza, au anayetarajia kuuza, bidhaa zinazotozwa VAT za shilingi milioni 5 au zaidi katika kipindi cha miezi 12, anatakiwa aombe kusajiliwa ndani ya siku 30. Sikiliza tena lile neno: anayetarajia. Na miezi 12 yenyewe si lazima iwe Januari mpaka Desemba. Inaweza kuwa Juni mpaka Mei. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mama ajumlishe miezi 12 iliyopita, aone kama bado yuko chini ya mstari.

Kinachohesabiwa kwenye ile milioni 5 ni bidhaa zinazotozwa VAT. Kama pembeni ya vyombo angekuwa anauza mahindi na maharagwe makavu, ambayo ni mazao yasiyosindikwa na yamesamehewa VAT, mauzo hayo yasingehesabiwa hapo. Lakini kwenye ushuru wa mauzo ghafi yangehesabiwa, maana ule unatazama mauzo yote ya biashara. Mwenye duka la mchanganyiko atenganishe safu mbili tangu siku ya kwanza, yaliyosamehewa na yanayotozwa. Vyombo vya mama wetu vyote vinatozwa asilimia 16.

Je, akisajiliwa, aongeze bei kwa asilimia 16? Hapa wengi hushtuka, wakaona afadhali wajifiche. Hebu tuchukue sufuria moja tu. Leo anaiuza 500. Aliinunua 390. Anabakiza 110.

Tuseme aliinunua kwa muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT. Basi ndani ya ile 390 tayari kuna VAT, karibu shilingi 54, ambayo muuzaji aliipeleka serikalini. Mama akishasajiliwa, anaruhusiwa kuzitoa hizo 54. Akiendelea kuuza 500, ndani ya hiyo 500 VAT ni kama 69. Njia ya kuipata, andika: bei gawanya kwa 116, zidisha kwa 16. Usizidishe 500 kwa 16 ukagawanya kwa 100, utapata 80, na utakuwa unajipunja. Basi 69 alizokusanya, toa 54 alizolipa kwa muuzaji, anapeleka KRA shilingi 15. Bakizo lake linashuka kutoka 110 mpaka 95 hivi. Akitaka kubaki na 110 zake, bei mpya ya sufuria ni 518. Si 580. Ni 518.

Sasa tuseme sufuria hiyohiyo aliinunua kwa mtu ambaye hajasajiliwa kwa VAT, au aliyesajiliwa lakini hakutoa risiti. Hana 54 za kutoa. Anapeleka zote 69. Bakizo lake linaanguka mpaka 41. Na akitaka kubaki na 110 zake, itabidi auze 580. Jirani ambaye hajafika milioni 5 bado anauza 500. Nani atanunua kwake?

Narudia, maana nataka ibaki kichwani: ukiwa na risiti ya VAT ya manunuzi, sufuria ni 518. Bila risiti hiyo, ni 580. Tofauti ya shilingi 62 kwa sufuria moja inatokana na karatasi tu.

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye mwaka mzima wa pili, tukichukulia amesajiliwa mwaka mzima na bei hajazigusa. Bakizo lake kabla ya VAT, zile 22 kwa kila 100, ni shilingi 1,113,750. Kama manunuzi yote yana risiti za VAT, atapeleka KRA karibu 153,600, abaki na 960,000 hivi. Mwaka wa kwanza alikuwa na 891,000. Ameuza robo zaidi, amebeba mzigo robo zaidi, na bakizo limeongezeka shilingi elfu 69 tu. Na kama nusu ya manunuzi hayana risiti za VAT? Atapeleka karibu 426,000, abaki na 688,000. Hiyo ni chini ya mwaka wa kwanza! Mauzo yamepanda, pesa zimeshuka. Afisa wa mkopo anayejua kazi yake ataliona hilo kwa dakika mbili. Afadhali mama alione kwanza yeye.

Na tafadhali, msikilizaji, usidhani kwamba VAT inaondoa ule ushuru mwingine. Hili nalisikia sana: nikishaingia VAT, TOT imekwisha. Hapana. Ushuru wa mauzo ghafi ni ushuru wa mapato yako wewe. VAT ni ushuru wa mnunuzi ambao wewe unaukusanya. Aliye kati ya milioni 5 na milioni 25 anaweza kuwa na yote mawili kwa mwezi mmoja, yote kufikia tarehe 20. Mwaka wa pili wa mpango uwe na mistari miwili ya ushuru, si mmoja.

Mama afanye nini basi na ile milioni 5? Naona njia mbili za kweli. Moja, ukuaji wa mwaka wa pili uwe wa wastani zaidi, tuseme abaki chini ya milioni 4.8, kama hicho ndicho anachotarajia kwa dhati na si kwa ajili ya kukwepa. Nyingine, na hii mimi naipendelea kwa duka la vyombo, ni kujitayarisha kuvuka: mwaka mzima wa kwanza ahamishe manunuzi yake polepole kwa wauzaji waliosajiliwa, aweke risiti zote, ndipo siku ya kusajiliwa imkute yuko tayari. Tena sheria inampa nafasi ya kudai VAT iliyo ndani ya bidhaa alizo nazo dukani siku anaposajiliwa, mradi risiti ziwepo na adai ndani ya muda uliowekwa. Mwenye stoo yenye masufuria ya laki 5, hiyo si pesa ndogo. Ni kama elfu 69.

Njia ambayo siiweki kwenye mpango ni ile ya kugawa duka moja kwa majina mawili, la mama na la binti yake, ili kila moja lionekane dogo. Risiti za eTIMS na malipo ya simu huacha alama kila siku, na deni la VAT la miaka ya nyuma likija, linakuja na riba, na linatoka mfukoni mwa mwenye duka kwa sababu wateja wa miaka hiyo wamekwenda zao.

Kabla muda haujatuishia, jambo la mwisho kuhusu mahali pa kuandika. Ushuru hauishii kwenye ukurasa wake. Unatakiwa uingie kwenye jedwali la pesa zinazoingia na kutoka, kila mwezi kwa mwezi wake. Angalia Februari ya mama wetu. Mauzo ya Januari yalikuwa makubwa, 450,000, kwa hiyo tarehe 20 Februari anadaiwa 13,500. Lakini Februari wazazi wameshalipa karo, duka limepoa, na pesa za Januari ameshanunulia mzigo. Kwenye jedwali lake, Februari inaweza kuonyesha upungufu hata kama mwaka mzima una faida. Hapo anaweza kuandika kwamba kila jioni atatenga shilingi 3 katika kila 100 kwenye laini au akaunti ya peke yake, na akisajiliwa VAT, aongeze 3 nyingine kwa kila 100, maana ndicho kiasi ambacho VAT inamchukua akiwa na risiti zote.

Akichelewa, faini zipo pande zote, lakini hazilingani. Kuchelewa kupeleka ripoti ya mauzo ghafi ni shilingi 1,000. Kuchelewa kupeleka ya VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Hata mwezi usiouza kitu, ripoti inapelekwa, yenye sifuri.

Hesabu nilizotumia ni za sheria ilivyo tangu Julai 2023, na Sheria ya Fedha hupitishwa karibu kila mwaka, kwa kawaida ikaanza Julai. Mpango ukiandikwa Mei, mama aache nafasi ya kurekebisha viwango baada ya Juni, na mwisho wa ukurasa aandike tarehe aliyoviangalia. Afisa wa mkopo atajua papo hapo kama ile asilimia 3 ni ya mwaka huu au ni ya karatasi ya mtu mwingine.

Haya, wasikilizaji wangu. Wiki ijayo tutaendelea na ukurasa wa mishahara na michango ya wafanyakazi.